Kanuni ya Chebyshev na Tuhuma ya Ubahili

Aghalabu msomi wa takwimu akutanapo mara ya kwanza na kanuni ya Chebyshev huiona kuwa bahili. Kanuni yenyewe yasema hivi: twaa mkusanyiko wowote wa namba, uwe na umbo lolote lile, uupatie wastani wake na mchepuko wake sanifu, basi sehemu ya namba zilizo mbali na wastani kwa michepuko k au zaidi haiwezi kupita 1/k². Kwa michepuko miwili, hazizidi robo zilizo nje, na kwa hiyo robo tatu kwa uchache zimo ndani. Kwa michepuko mitatu, hazizidi tusui, yaani moja katika tisa. Ilhali msomi huyo amekwisha kufundishwa umbo la kengele, ambalo humwahidi asilimia 95 na ushei ndani ya michepuko miwili na asilimia 99.7 ndani ya mitatu, naye akilinganisha ahadi hizi mbili, hii ya asilimia 75 na 89 humwonekea kama sadaka ya mtu asiyependa kutoa. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tuhuma hiyo imeelekezwa kwa asiyestahili: kanuni hutoa chote kiwezacho kutolewa kwa mtu ajuaye mambo mawili tu, wastani na mchepuko, na anayetaka zaidi sharti alete ujuzi zaidi.

Burhani yake ni nyepesi kiasi kwamba yaweza kufanywa mbele ya mizani ya ghala. Tuseme karani amepima magunia 25 ya karafuu, akapata wastani wa kilo 50 na mchepuko sanifu wa kilo 2. Mchepuko sanifu, tukumbuke, ni kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya umbali wa kila gunia kutoka kilo 50. Kwa hiyo wastani wa miraba hiyo ni 4, na jumla yake kwa magunia yote ni 100, si zaidi wala si pungufu. Jumla hii ndiyo akiba ambayo magunia yote hugawana, na hakuna gunia liwezalo kwenda mbali bila kuchota humo. Gunia lililopita au kupungua kwa kilo 6, yaani michepuko mitatu, huchota 36. Magunia mawili ya namna hiyo huchota 72, na hilo lawezekana. Matatu yangetaka 108, nayo akiba haina. Basi, pasipo kuyaona magunia yenyewe wala kujua yametoka shamba gani, twajua kwa yakini kwamba hayazidi mawili yaliyo mbali kiasi hicho. Tusui ya 25 ni mawili na kitu, nayo ndiyo kanuni. Tukiuliza habari ya kilo 4, kila gunia huchota 16, na akiba hutosha magunia sita tu.

Msomaji ataona kwamba hapakutajwa umbo la mtawanyiko hata mara moja. Magunia yaweza kuwa yamelundikana upande mmoja, yaweza kuwa na vilele viwili kwa sababu yametoka mashamba mawili, yaweza kuwa vyovyote. Akiba ni ile ile. Ataona pia kwa nini kanuni hunyamaza kwa mchepuko mmoja: hapo 1/k² ni moja kamili, maana yake ni kwamba yawezekana magunia yote yawe umbali huo, nusu juu na nusu chini.

Sasa tuukabili ubahili. Je, hapangekuwako mwanahesabu hodari zaidi wa kutupatia kikomo chembamba kuliko tusui, kwa maumbo yote? Hapana, na hakuhitajiwi ila magunia 18 kulithibitisha hilo. Weka 16 yenye kilo 50 barabara, moja lenye kilo 44, na moja lenye kilo 56. Wastani ni 50. Miraba ni 36 na 36, jumla 72, ambayo ikigawanywa kwa 18 hutoa 4. Mchepuko ni kilo 2. Magunia mawili yako umbali wa michepuko mitatu kamili, na mawili katika 18 ni tusui kamili. Mkusanyiko huu umeitumia akiba yake yote pasipo kupoteza hata chembe, kwa kuwa magunia 16 hayakuchota chochote. Mtu akisema tusui ni nyingi mno, mwonyeshe magunia haya, umwombe aondoe moja. Umbo kama hili ni nadra ghalani, nakiri. Lakini unadra wake ni habari itokayo nje ya zile namba mbili, na kanuni haikupewa habari hiyo.

Huwaje basi mtu akiwa na habari ya ziada? Mwaka 1823 Gauss alionyesha kwamba, kwa mtawanyiko wenye kilele kimoja, ukipima umbali kutoka kwenye kilele hicho, kikomo hushuka hata 4/9 ya kile cha kawaida. Na mwaka 1980 Vysochanskij na Petunin wakathibitisha kwamba kikomo hicho hicho hufaa hata ukipimia kutoka kwenye wastani, maadamu k imezidi 1.63 hivi. Kwa michepuko mitatu ni 4/81, yaani chini kidogo ya asilimia 5. Kukubali tu kwamba pana kilele kimoja kumepunguza asilimia 11 hadi 5. Umbali uliobaki, toka asilimia 5 hadi 0.27, hununuliwa kwa dhana nzito zaidi, kwamba umbo ni kengele hasa. Na hapo ndipo wengi hununua bila kuuliza bei.

Twaa habari ya kungoja zamu, ambapo muda wa kungoja hufuata ule mtawanyiko ushukao mfululizo, wenye watu wengi wa dakika chache na wachache wa dakika nyingi. Katika mtawanyiko huo mchepuko hulingana na wastani wenyewe. Ikiwa wastani ni dakika 10, michepuko mitatu juu yake ni dakika 40. Hesabu yake kamili hutoa kwamba katika watu 1000, takriban 18 watangoja zaidi ya dakika 40. Mwenye kushika kengele angetabiri mmoja au wawili upande huo, na wengine kama hao upande wa chini, ambako wangengoja kwa dakika pungufu ya sifuri! Kanuni ya Chebyshev husema hawazidi 111, na ile ya kilele kimoja husema hawazidi 49. Zote mbili zimesema kweli. Kengele ndiyo iliyoonekana karimu, nayo imekosea mara kumi na zaidi.

Inafaa hapa niseme neno juu ya jina. Kanuni hii huitwa kwa jina la Pafnuty Chebyshev wa Petersburg, aliyeitangaza mwaka 1867 na kuitumia kuonyesha kwamba wastani wa vipimo vingi vinavyojitegemea hukaribia thamani yake ya kweli. Lakini Mfaransa Irénée-Jules Bienaymé, mkaguzi wa fedha za serikali, alikuwa ameifikia mwaka 1853, katika utafiti wake juu ya njia ya miraba midogo kabisa. Na makala yake yalichapwa upya mwaka ule ule 1867 katika jarida la Liouville, kando ya yale ya Chebyshev. Mrusi huyo naye hakuificha haki ya mwenzake, alimtaja baadaye kwa insafu. Jina, hata hivyo, limekwisha shika, nami nalifuata kwa mazoea.

Kosa lililo la kawaida zaidi katika kuitumia ni la kugawa. Mtu hujua kwamba walio nje ya michepuko mitatu hawazidi tusui, kisha, akiuliza juu ya upande wa juu peke yake, huikata tusui katikati akapata moja katika 18. Hukumu hiyo ingekuwa sawa lau pande mbili zingelazimika kulingana, nazo hazilazimiki. Kikomo cha kweli cha upande mmoja, ambacho hunasibishwa na Mwitaliano Cantelli, ni 1/(1+k²), yaani ushuri kwa michepuko mitatu. Magunia kumi yatosha: tisa ya kilo 49 na moja la kilo 59. Wastani ni 50. Miraba ni moja mara tisa na 81, jumla 90. Mchepuko ni kilo 3. Lile moja liko juu kwa kilo 9, michepuko mitatu kamili, nalo ni moja katika kumi. Aliyeikata tusui katikati angeapa kwamba haliwezekani.

Magunia hayo kumi yana siri nyingine, nayo yahusu wale wafanyao kanuni ya michepuko mitatu kuwa chujio la makosa. Desturi yao ni kutupa kila namba iliyopita michepuko mitatu. Sasa tuseme karani wetu amepima magunia kumi, yote ya kilo 50, na katika la mwisho mkono wake ukaongeza sifuri, akaandika 500. Wastani wa daftari huwa 95. Magunia tisa yako chini kwa 45, na lile la kosa liko juu kwa 405. Miraba yote pamoja ni 182,250, wastani wake ni 18,225, na kipeuo chake cha pili ni 135. Gawanya 405 kwa 135: ni tatu kamili. Kosa kubwa kama ng'ombe ndani ya zizi la mbuzi, na bado halikupita mpaka! Wala si bahati mbaya ya namba hizi. Andika 5,000 badala ya 500, utapata tatu tena, kwa sababu gunia moja haliwezi kujitenga na wenzake bila kuuvuta wastani kuelekea kwake na kuukuza mchepuko ambao ndio kipimo chake. Katika namba n, hakuna iwezayo kuwa mbali kupita kipeuo cha pili cha n−1, na kwa kumi hicho ni kipeuo cha pili cha 9. Na kama karani amegawa kwa 9 badala ya 10 alipotafuta mchepuko, kama vitabu vingi vishaurivyo, hata tatu haifiki, huishia 2.85.

Kwa hiyo asomaye daftari la vipimo kumi kwa chujio la michepuko mitatu, akaona hakuna kilichonaswa, hajapata habari yoyote juu ya usafi wa daftari. Ashike badala yake namba ya katikati, ile ipatikanayo kwa kuyapanga magunia toka jepesi hadi zito, ambayo katika daftari letu ni 50, iwe karani ameandika 500 au 5,000; apime umbali wa kila gunia kutoka hapo, na lile lenye 450 litajionyesha kabla hajaishika kalamu.