Maradhi Yalivyotengwa na Utovu wa Nidhamu katika Sheria ya Kazi ya Tanzania

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilitenganisha mwenendo na uwezo wa mfanyakazi. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zinazofanana mno na Jedwali la Nane la sheria ya kazi ya Afrika Kusini ya 1995, zikafafanua mwajiri afanyeje.

Tuchukulie dereva anayeugua uti wa mgongo, aliyemaliza siku 126 za likizo ya ugonjwa: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Kumwita mbele ya kamati ya nidhamu ni kukosea mlango. Hana shtaka la kujibu. Mwajiri apime ukubwa wa maradhi na muda wake, amsikilize, kisha atafute kazi nyepesi, tuseme ya stoo. Kwa maoni yangu halazimiki kubuni nafasi isiyokuwapo, ila ni lazima aonyeshe kwamba alitafuta.