Elisi na Alisi: Riwaya Moja, Wafasiri Wawili, Miaka 75

Msomaji wa Butembo au Beni anayeitafuta riwaya ya Lewis Carroll kuhusu msichana aliyemfuata sungura hadi shimoni hukutana na kitabu hicho katika lugha mbili ambazo kila moja ina zaidi ya mfasiri mmoja, kwa kuwa shule imemzoeza Kifaransa na soko limemzoeza Kiswahili. Kwa Kiswahili zipo tafsiri mbili zinazotenganishwa na miaka 75. Ya kwanza ni *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, iliyofasiriwa na Mwingereza Ermyntrude St. Lo de Malet Conan-Davies na kuchapishwa London na Sheldon Press mwaka 1940, na ya pili ni *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, ya Ida Hadjivayanis, iliyotolewa mwaka 2015 na Evertype, mchapishaji wa Ireland, mwaka ambao riwaya yenyewe ilitimiza miaka 150.

Inafaa kwanza kutenganisha maneno mawili ambayo wauzaji wa vitabu huyachanganya. Tafsiri ni kazi ya mtu aliyeihamisha matini chanzi, yaani maandishi ya lugha ya asili, na kuyaandika upya katika lugha nyingine; toleo ni namna kazi hiyo ilivyochapishwa, pamoja na picha zake, dibaji yake na mwaka wake. *Shamba la Wanyama* ya Fortunatus Kawegere, iliyotoka Nairobi mwaka 1967, inaweza kuvishwa jalada jipya mara nyingi ikabaki tafsiri ileile, ilhali Elisi na Alisi ni tafsiri mbili kweli, na kurasa za moja haziwezi kusahihishwa zikawa za nyingine.

Tofauti inaanzia kwenye jalada. Conan-Davies alilifuata sikio la Kiingereza, ambamo irabu ya kwanza ya jina la msichana husikika karibu na *e*, na ndiyo maana akaandika Elisi. Hadjivayanis alikaa karibu na maandishi, akaandika Alisi. Kwa bahati, jina hilo la pili ndilo ambalo Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa angelitamka bila kufundishwa. Neno linalofuata nalo lina uzito wake, kwa sababu *katika* humweka msichana nchini humo kwa jumla tu, kama mtu anavyosemwa kuwa katika mji fulani, lakini *ndani ya* inaifanya nchi iwe kitu chenye mdomo na tumbo, kitu cha kuingiliwa. Kwa hadithi inayoanza kwa kuporomoka shimoni, uteuzi wa mwaka 2015 ndio wenye nguvu zaidi.

Toleo la mwaka 1940 lilikwenda mbali zaidi katika picha, kwani michoro iliyozoeleka ya John Tenniel, aliyemchora msichana wa Kiingereza mwenye nywele ndefu, ilichorwa upya ili Elisi aonekane mtoto wa Kiafrika. Wataalamu huiita njia hiyo ujanibishaji, yaani kukifanya kitu cha kigeni kionekane cha nyumbani. Ni njia inayopendeza macho, lakini ina mtego wake: katika sura ya pili msichana anajilinganisha na rafiki ambaye nywele zake zina mawimbi marefu, na mchoro ukibadilika bila sentensi hiyo kuguswa, picha na maneno huanza kubishana. Anayelinganisha matoleo anaweza kuifungua sura hiyo moja tu na kuona kama mchoraji na mfasiri walizungumza. Wala si kila kitu kinahitaji kujanibishwa. Heroe, yule ndege wa shingo ndefu ambaye katika sura ya nane anageuzwa rungu la kupigia mpira, huonekana katika maziwa ya volkano karibu na Katwe, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasindi.

Mahali panapompima mfasiri zaidi ni kwenye mizaha inayotegemea sauti. Warren Weaver, mwanahisabati wa Marekani aliyekusanya tafsiri za riwaya hii, alitoa mwaka 1964 kitabu kilichozipima tafsiri za lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa miongoni mwake, kwa kuchukua sura ya karamu ya chai ya wendawazimu na kuwaomba watu wairudishe katika Kiingereza, ili ionekane ni nini kilichopotea njiani. Katika sura hiyo panya mwenye usingizi anasimulia juu ya dada watatu walioishi ndani ya kisima cha asali ya miwa na kujifunza kuchora, na mzaha wote unakaa katika kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachomaanisha kuchora picha na pia kuteka maji. Kiswahili hakina kitenzi cha namna hiyo, na mfasiri akiandika *kuchora* kwanza na *kuteka* baadaye, msomaji ataona watu wanaoropoka tu. Hata hivyo lugha yenyewe inatoa mlango wa nyuma, kwa kuwa *kuchora* na *kuchota* zinatofautiana kwa sauti moja tu, na mtoto anayesikia vibaya anaweza kuhama kutoka moja hadi nyingine bila kulazimishwa. Anayetaka kujua kama mfasiri alitega sikio hana budi kuitazama jozi ya vitenzi iliyotumika hapo.

Jaribio la pili liko katika sura ya tatu, ambako panya mwingine anaahidi kisa kirefu na msichana anautazama mkia wake, kwa sababu kwa Kiingereza *kisa* na *mkia* hutamkwa sawasawa. Katika Kiswahili maneno hayo hayakaribiani, hivyo mfasiri hana budi kubuni mzaha mwingine, kueleza ule wa asili, au kuuacha. Dalili ya kuuacha ni rahisi kuitambua: msichana anauangalia mkia ghafla pasipo sababu yoyote. Ukurasa uohuo unampima pia mchapishaji, kwa kuwa shairi la panya lilipangwa na Carroll likipinda na kupungua ukubwa wa herufi hadi chini, mfano wa mkia, na toleo linaloipanga mistari yake wima kama shairi lolote limekata mkia huo.

Kwa Kifaransa, swali kubwa ni la matini chanzi. Henri Bué alichapisha tafsiri yake mwaka 1869, miaka minne tu baada ya kitabu cha asili, na kwa kuwa haina tena hakimiliki, hurudiwa mara kwa mara katika matoleo ya bei nafuu, wakati mwingine bila mwaka wa asili kutajwa. Lakini Carroll aliendelea kukigusa kitabu chake: shairi la kamba wa bahari katika sura ya kumi, ambalo mwanzoni lilikuwa na mistari michache, lilirefushwa mwaka 1886 kwa ajili ya jukwaa, na toleo alilolisahihisha lilitoka mwaka 1897. Bué hangeweza kufasiri mistari ambayo ilikuwa haijaandikwa, ilhali Jacques Papy, ambaye tafsiri yake ilitoka mwaka 1961, alikuwa nayo. Kitabu cha Kifaransa kisichotaja mfasiri wala mwaka kinaweza basi kuulizwa umri wake kwa kuhesabu mistari ya shairi hilo: ikiishia ule wa nne au wa sita, matini iliyofasiriwa ni ya kabla ya mwaka 1886, hata kama jalada linang'aa kwa wino wa juzi.