Ratiba ya vikao sambamba

Ratiba ya vikao sambamba ni jedwali la kongamano ambalo mistari yake huonyesha saa, safu zake vyumba, na kila kisanduku hubeba kikao kimoja pamoja na wahusika wake. Chumba kilichopangiwa vikao viwili huonekana upesi. Mgongano wa watu hujificha, kwani anayewasilisha mada hapa huenda ndiye mwenyekiti kule.

Tuseme kongamano la Kiswahili lina vikao vinne na vyumba viwili. P anawasilisha katika Ushairi na kuongoza Tafsiri. K anazungumza katika Tafsiri na Isimu, na M katika Riwaya. Basi Tafsiri haiwezi kwenda sambamba na Ushairi wala Isimu:

| Saa | Chumba 1 | Chumba 2 |
|---|---|---|
| 3:00–4:30 | Ushairi (P) | Isimu (K) |
| 5:00–6:30 | Tafsiri (P, K) | Riwaya (M) |

P akiongezwa kwenye Isimu, Ushairi, Isimu na Tafsiri zitamhitaji zote, na lazima zipewe nyakati tatu tofauti. Hapo mwandaaji huenda akakimbilia kutafuta chumba cha tatu, ambacho hakisaidii chochote.

Vikao viwili hupishana ikiwa kila kimoja huanza kabla ya kingine kumalizika. Kinachokwisha saa 4:30 na kinachoanza saa 4:30 havipishani kwenye karatasi, ila mtu hawezi kubadili chumba papo hapo. Ndiyo maana ya nusu saa ya chai. Mwenyekiti akibadilishwa dakika za mwisho, jedwali hupangwa upya kwa majina ya watu na kila jina hukaguliwa saa zake.