Kalenda ya Mikataba katika Kukadiria Mapato ya Usajili

Makadirio ya robo mwaka mara nyingi huharibika mahali pamoja: kiwango cha wateja wanaojitoa kwa mwaka hugawanywa kwa nne, kisha hukatwa kwenye mapato ya wateja wote. Makala hii inadai kuwa hesabu hiyo haifai kwa mikataba ya mwaka inayolipwa mapema. Mteja ambaye mkataba wake haujafika ukomo ameshalipa, hivyo hata akichoka na huduma, mapato yake ya robo hii hayapungui. La kwanza kujua ni nani anafika ukomo, na lini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya Dar es Salaam inauza programu ya hesabu kwa maduka 1,200, kila duka likilipa shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Chini ya IFRS 15, malipo hayo hayawi mapato siku yanapopokelewa. Hutambuliwa kadiri huduma inavyotolewa, hapa shilingi 100,000 kwa mwezi. Asipojitoa mtu, Oktoba hadi Desemba italeta milioni 360. Anayetumia wastani wa asilimia 16 kwa mwaka atakata asilimia 4 na kutangaza milioni 345.6.

Kalenda inaonyesha picha nyingine. Mikataba ya wateja 700 haifiki ukomo robo hii. Milioni 210 zao ziko salama. Kati ya 500 waliobaki, 300 wanafika ukomo mwanzoni mwa Oktoba, 100 Novemba na 100 Desemba. Wale 300 waliletwa na kampeni ya mwaka jana na wanahuisha kwa mara ya kwanza. Tuseme kumbukumbu zinaonyesha asilimia 30 ya wateja wa aina hiyo hujitoa, dhidi ya asilimia 10 ya wakongwe. Oktoba watapotea 90 kwa miezi mitatu, yaani milioni 27; Novemba 10 kwa miezi miwili, milioni 2; Desemba 10 kwa mwezi mmoja, milioni 1. Makadirio yanashuka hadi milioni 330, kabla ya kuhesabu wateja wapya.

Hasara hiyo haiishii Desemba. Wateja 110 waliojitoa watapunguza milioni 33 Januari hadi Machi, hata asipoondoka mwingine.

Njia hii nayo ina udhaifu. Duka linalochelewa kulipa wiki tatu huonekana limejitoa, kisha linarudi. Kwa hiyo kiwango cha kujitoa kipimwe baada ya muda uleule kwa kila kundi, kwa mfano siku 30 baada ya ukomo. Mwisho wa Oktoba basi kundi la 300 bado halijatoa jibu kamili. Wiki ya kwanza ya Novemba ndiyo itaonyesha kama waliopotea ni 90 au 130, na wakiwa 130 makadirio yapunguzwe milioni 12 papo hapo, bila kugusa makundi mengine.