Kutafuta vijiminyoo vya matende katika damu ya usiku

Matende na mabusha yaletwayo na mnyoo Wuchereria bancrofti hujulikana zaidi pwani ya Tanga na Unguja kuliko kwenye vilima vya Kigoma, lakini watu huhama, na minyoo huhama nao.

Vijiminyoo vichanga vya mnyoo huyo, mikrofilaria, hukaa mchana kwenye mishipa ya mapafu na kuja kwenye damu ya ngozini usiku, wakati mbu wanapouma. Kwa hiyo damu huchukuliwa kati ya saa nne na saa nane usiku. Mlinzi aliyezoea kulala mchana ni tofauti: mzunguko wa vijiminyoo vyake huweza kugeuka ukafuata usingizi wake, basi muulize kwanza analala saa ngapi.

Njia rahisi ni tone nene. Damu ya kidole, mikrolita 60, hutandazwa kwenye slaidi na kuachwa ikauke mpaka kesho yake. Kisha hutiwa kwenye maji kwa dakika chache ili wekundu utoke, hukaushwa tena, hugandishwa kwa methanoli na kupakwa rangi ya Giemsa. Slaidi isiyokauka vizuri hubanduka majini, na vijiminyoo hubanduka nayo. Msomaji ataona slaidi safi na kuandika kwamba mgonjwa hana kitu.

Tuchukue mtu wa Pangani anayeishi Kasulu, mwenye mikrofilaria 10 katika mililita moja ya damu. Katika mikrolita 60, wastani wake ni 0.6 tu. Vikitawanyika kwa bahati, uwezekano wa kukosa kabisa ni kama asilimia 55: mgonjwa halisi huonekana mzima zaidi ya nusu ya mara. Hapo kuchuja kunalipa. Mililita moja ya damu ya mshipa, iliyozuiwa isigande, huchanganywa na maji yaliyokenekwa ili seli nyekundu zipasuke. Kisha husukumwa taratibu kwa bomba la sindano kupitia utando wa polikaboneti wenye vitundu vya mikromita 5. Utando husafishwa kwa maji, kisha hewa, huwekwa kwenye slaidi, hupakwa rangi na kusomwa wote.

Mikrofilaria wa bancrofti ana ala, na ncha ya mkia wake haina viini. Mansonella perstans, apatikanaye Uganda na Kongo, hana ala, ni mdogo zaidi, na viini vyake hufika hadi mwisho wa mkia. Yeye huonekana usiku na mchana. Kumchuja huyu kunahitaji vitundu vya mikromita 3.

Mtu mwenye matende ya siku nyingi mara nyingi hana mikrofilaria hata damu yake ikichujwa. Na kishikio cha utando kisichooshwa vizuri huweza kumpa mgonjwa wa pili vijiminyoo vya wa kwanza. Pitisha maji safi kwenye kishikio chenye utando mpya, uusome, kabla ya kuchuja damu ya mwingine.