Meseji ya ukumbusho wa miadi ya kliniki

Meseji ya ukumbusho wa miadi ni ujumbe mfupi ambao kituo cha afya humtumia mteja siku chache kabla ya tarehe yake ya kurudi. Humtajia mahali, siku na saa, pamoja na kitu cha kubeba. Makala hii inaeleza namna orodha ya miadi inavyogeuzwa kuwa meseji zinazoenea katika SMS moja, kwa mifano ya wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga.

Kipimo cha alama 160

SMS moja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120. Alama za kawaida, zikiwemo herufi, tarakimu, nukta na nafasi, huchukua biti 7 kila moja, na ndiyo maana hesabu inaishia kwenye alama 160. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hupoteza baiti 6 kwa ajili ya maelezo yanayoiwezesha simu kuviunganisha. Kwa hiyo katika ujumbe wa vipande, kila kipande hubeba alama 153 tu. Mwenye simu huona ujumbe mmoja, lakini kampuni ya kutuma meseji kwa wingi hutoza kila kipande. Kipande kimoja kikichelewa njiani, simu inaweza kuuonyesha ujumbe nusu, au kutouonyesha mpaka kifike.

Kiswahili sanifu kinaandikika chote kwa alama hizo za kawaida. Ikiingia hata alama moja ya nje ya seti hiyo, kama vile kikatuni cha uso unaotabasamu, ujumbe mzima huhamia kwenye mfumo wa biti 16 kwa kila alama. Hapo SMS moja hubaki na alama 70, na ukikatwa vipande kila kimoja hubeba 67.

Kuandaa orodha

Chanzo cha orodha ni rejesta za MTUHA: kitabu cha 6 kwa wajawazito na kitabu cha 7 kwa watoto, pamoja na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi ya mteja. Taarifa hizo huingizwa katika jedwali la Excel lenye safu tano: jina la kumwitia mteja (A), simu (B), tarehe (C), saa (D) na kituo (E).

Safu ya jina huandikwa kama mtu anavyoitwa kwa heshima, mfano «Bi. Mwanaidi». Kwa kliniki ya watoto, «Mama Asha» ni bora kuliko jina la mtoto peke yake. Safu ya kituo hubeba jina fupi lakini kamili, kama «hospitali ya Magunga» au «kituo cha Kang'ata». Orodha za wilaya hizi mbili zikiunganishwa, vituo vitambuliwe kwa namba zao za usajili, si kwa jina la mahali. Kata ya Kwamsisi ipo Handeni na nyingine ipo Korogwe mjini, na jedwali linalotafuta kwa jina litachukua ile linayoikuta kwanza.

Namba za simu zina tatizo lake. Excel hufuta sifuri ya mwanzo, hivyo namba ya tarakimu kumi hubaki na tisa. Dawa ni kuchukua tarakimu tisa za mwisho na kuzitangulizia 255:

```
="255"&RIGHT(B2,9)
```

Jibu lazima liwe na tarakimu 12 bila nafasi katikati. Lisipokuwa hivyo, namba irudishwe kwa aliyeiandika, asibahatishe mtu.

Kutoka alama 254 hadi 139

Ujumbe ambao ofisi nyingi zingeandika bila kufikiria urefu ni huu, kwa mteja wa kubuni:

«Ndugu mteja, tunapenda kukukumbusha kuwa una miadi ya kuhudhuria kliniki katika Kituo cha Afya cha Kang'ata siku ya Alhamisi tarehe 12/03/2026 saa 2:00 asubuhi. Tafadhali usikose kufika na kadi yako. Kwa maelezo zaidi piga simu namba 07XXXXXXXX. Ahsante.»

Una alama 254, yaani vipande viwili. Alama 160 zinakwisha kwenye nukta inayofuata neno «asubuhi», kwa hiyo habari ya kadi na namba ya simu zinaangukia nje. Maneno ya adabu ya kiofisi ndiyo yaliyokula nafasi. «Tunapenda kukukumbusha kuwa una miadi ya kuhudhuria» hubebwa na «unakumbushwa kufika» bila kupoteza maana. Siku ikishatajwa, neno «tarehe» halina kazi, na mwaka nao haumsaidii mtu anayetakiwa kufika baada ya siku mbili. Baada ya kupunguza:

«Habari Bi. Mwanaidi. Unakumbushwa kufika kituo cha Kang'ata Alhamisi 12/3 saa 2 asubuhi. Njoo na kadi yako. Ukipata udhuru piga 07XXXXXXXX.»

Huu una alama 139. Hata hivyo, kipimo cha kiolezo si mteja mmoja, ni mstari mrefu kuliko yote unaoweza kutokea. Maneno yasiyobadilika, pamoja na nafasi na alama za uandishi, ni alama 79. Zinabaki 81 kwa yanayobadilika. Siku ndefu zaidi ina alama 8, tarehe 5, saa 2, neno «asubuhi» 7 na simu 10, jumla 32. Kwa hiyo jina na kituo vinagawana alama 49. Kituo kikiwa «kituo cha Kabuku Ndani», ambacho ni alama 22, mteja anabaki na 27 za jina na cheo chake. Zinatosha jina la kwanza na la baba kwa watu wengi. Anayezidi aandikwe jina la kwanza tu.

Kisichofaa kufupishwa ni siku. Vijana huandika J3 kwa Jumatatu na J4 kwa Jumanne, lakini asiyezoea anaweza kudhani J4 ni tarehe nne, au siku ya nne ya wiki. Alama tano au sita zinazookolewa hazifidii safari ya bure.

Saa na tarehe

Kosa la hatari kuliko urefu ni saa. Kompyuta huandika 08:00, na kiolezo kikiinakili kama «saa 8», msomaji wa Handeni ataelewa saa nane mchana na kufika wakati huduma ya kliniki inaelekea kufungwa. Katika jedwali, siku hutengenezwa kwenye safu ya F, saa ya Kiswahili kwenye G na kipindi cha siku kwenye H:

```
F2: =CHOOSE(WEEKDAY(C2),"Jumapili","Jumatatu","Jumanne",
    "Jumatano","Alhamisi","Ijumaa","Jumamosi")
G2: =MOD(HOUR(D2)+5,12)+1
H2: =IF(HOUR(D2)<12,"asubuhi","mchana")
```

Kwa 08:00 fomula ya G2 inatoa 2, kwa 07:00 inatoa 1, na kwa 14:00 inatoa 8. Kabla ya kutuma, mistari kadhaa isomwe kwa sauti na muuguzi anayeijua ratiba ya kituo, kwani yeye hutambua mara moja saa isiyokuwepo.

Tarehe nazo hugeuka kimyakimya. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani huisoma 12/03/2026 kuwa tarehe 3 Desemba. Kwa kawaida jina la siku lingefichua kosa, lakini si hapa: tarehe 12 Machi na tarehe 3 Desemba 2026 zote ni Alhamisi. Njia ya uhakika ni kupanga orodha kwa tarehe na kuangalia miezi. Miadi ya wiki ijayo ikionekana imetawanyika hadi mwisho wa mwaka, mpangilio umekosewa.

Ritifaa ya Kang'ata

Jina la kata ya Kang'ata, wilayani Handeni, lina ritifaa. Likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, ambayo ni alama ya kawaida, ujumbe hubaki SMS moja. Likinakiliwa kutoka Word, mara nyingi huja ritifaa iliyopinda, ambayo haimo katika seti ya kawaida. Ujumbe uleule wa alama 139 huhamia mfumo wa biti 16 na kuwa vipande vitatu, na ule wa alama 254 huwa vipande vinne. Machoni tofauti haionekani, ila gharama ya vijiji vya Kang'ata hupanda mara tatu. Fomula ifuatayo huunda ujumbe, hunyoosha ritifaa, kisha huhesabu:

```
I2: ="Habari "&A2&". Unakumbushwa kufika "&E2&" "&F2&" "
    &DAY(C2)&"/"&MONTH(C2)&" saa "&G2&" "&H2
    &". Njoo na kadi yako. Ukipata udhuru piga 07XXXXXXXX."
J2: =SUBSTITUTE(I2,UNICHAR(8217),"'")
K2: =LEN(J2)
```

Kinachotumwa ni safu ya J. Mstari wowote ambao K yake inazidi 160 husimamishwa. Lakini LEN haijui alama ipi ni ya kawaida na ipi si ya kawaida, kwa hiyo idadi ya vipande ithibitishwe pia kwenye ukurasa wa kampuni ya kutuma meseji. Ukionyesha ukomo wa 70 badala ya 160, kuna alama ngeni mahali fulani.

Siri ya mteja

Simu moja huweza kutumiwa na mume, mke na watoto wakubwa. Kwa sababu hiyo kiolezo hakitaji ugonjwa, dawa, mimba wala CTC. Neno «kituo» linatosha, kwa kuwa mteja anajua anachokwenda kufanya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo ridhaa ya mteja iombwe siku anapotoa namba yake. Aulizwe pia simu ni ya nani, na kama anataka jina lake litajwe. Jina humsaidia mwenye simu kujua ujumbe ni wa nani, lakini kwa wengine ndilo linalowafichua.

Ushahidi na mipaka

Jaribio linalojulikana zaidi katika eneo la Waswahili lilifanyika Zanzibar mwaka 2009 na 2010, katika vituo 24, likihusisha wajawazito 2,550. Katika vituo vilivyotuma meseji, asilimia 44 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi, dhidi ya asilimia 31 katika vituo vingine. Meseji hazikuwa peke yake: wanawake walipewa pia vocha za kuwapigia wahudumu. Ongezeko la kujifungua kwa msaada wa mtaalamu lilionekana kwa wakazi wa mjini, si wa vijijini.

Matokeo hayo yanaihusu Handeni, ambako vijiji vingi viko mbali na barabara kuu na masika ya Machi hadi Mei huharibu njia. Meseji humkumbusha aliyesahau, haimpi nauli aliyekwama. Majina ya wasiofika yatolewe siku ileile na kukabidhiwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii awafuatilie, na namba iliyomo kwenye ujumbe iwe ya simu ambayo mtu kituoni anaipokea.