Maziwa ya Gisenyi: jinsi maabara inavyohesabu bakteria walio hai

RUBAVU – Maziwa mengi yanayofika Gisenyi kutoka nyanda za Gishwati hununuliwa mjini, na mengine huelekea soko la Goma, ng'ambo ya mpaka. Mfanyabiashara akipewa cheti cha maabara hukuta humo tarakimu kubwa, kwa mfano "1,500,000 kwa mililita". Makala haya yanaeleza tarakimu hiyo inavyopatikana na namna ya kuisoma.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe, EAS 67, huyapanga maziwa katika madaraja matatu kwa hesabu ya bakteria. Daraja la kwanza halizidi 200,000 kwa mililita, la pili halizidi 1,000,000, na la tatu halizidi 2,000,000.

Kwa nini yachanganywe na maji?

Hakuna awezaye kuhesabu bakteria milioni moja katika tone. Kwa hiyo maabara huyapunguza makali maziwa hatua kwa hatua. Mililita 1 ya maziwa hutiwa katika mrija wenye mililita 9 za maji safi yaliyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo, yenye chumvi na peptoni kidogo. Sasa ukali umepungua mara 10. Mrija hutikiswa vizuri, kisha mililita 1 huchukuliwa kwa pipeti mpya na kutiwa katika mrija wa pili: mara 100. Mrija wa tatu ni mara 1,000, wa nne 10,000, na wa tano 100,000.

Kutoka kila mrija unaotakiwa, mililita 1 huwekwa katika sahani mbili za petri. Juu yake humiminwa agari iliyoyeyushwa na kupozwa hadi nyuzi 45 hivi. Ikimiminwa ya moto zaidi, bakteria hufa na hesabu hutoka ndogo kwa uongo. Agari ikiganda, sahani hugeuzwa chini juu na kuwekwa katika joto la nyuzi 30 kwa saa 72. Kila bakteria aliye hai huzaana pale alipokaa mpaka aonekane kama kidoa. Kidoa hicho huitwa koloni.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mkebe mmoja wa maziwa. Sahani za mrija wa tatu zimejaa vidoa hata havihesabiki. Za mrija wa nne zina koloni 142 na 150. Za mrija wa tano zina 13 na 16.

Zinazoaminika zaidi ni sahani zenye koloni kati ya 30 na 300, yaani za mrija wa nne. Wastani wake ni 146. Zidisha kwa 10,000, unapata 1,460,000, na cheti kitaandika 1,500,000 kwa mililita. Maziwa hayo ni daraja la tatu.

Mrija wa tano ndio shahidi. Wastani wake ni 14.5, karibu sehemu moja ya kumi ya 146, kama inavyopaswa. Lau sahani zake zingekuwa na koloni 90, tungejua kuwa pipeti haikubadilishwa au mrija haukutikiswa. Sahani nyingine hutiwa yale maji safi peke yake. Ikiota koloni, uchafu umetoka maabara, si kwenye mkebe.

Mambo ambayo tarakimu haisemi

Bakteria walioshikamana hutoa koloni moja, kwa hiyo hesabu ni makadirio. Waliokufa hawaonekani. Hesabu ndogo pia haithibitishi usafi, kwani aliyetia dawa ya kuzuia kuchacha atapata sahani karibu tupu. Vilevile kipimo hiki hakitambui kifua kikuu cha ng'ombe wala ugonjwa wa kutupa mimba. Hivyo vina vipimo vyake.

Jibu hutoka baada ya siku tatu, wakati maziwa yamekwisha kunywewa. Ndiyo maana wanunuzi hupima mkebe papo hapo kwa alkoholi na kipima uzito, na hesabu ya koloni hutumika kumpima msambazaji na usafiri wake.

Kwa msafirishaji

Tuchukulie kuwa katika maziwa ya vuguvugu bakteria huongezeka mara mbili kila dakika 30. Maziwa yaliyoanza na 100,000 yatafika 1,600,000 baada ya saa mbili tu za kungoja barabarani au mpakani.

Hali hiyo huipata pia sampuli. Koroga mkebe mzima kwanza, chota kwa kifaa kilichochemshwa, tia katika chupa safi ya maabara, iweke kwenye barafu bila kuigandisha, na andika saa uliyoichota. Sampuli iliyosafiri juani hadi Kigali itapima safari, si maziwa uliyonunua.